Shefu amekatala konje yako: namna ya kuandikia Direkta bila kuharibu mambo

Mi nilitumika myaka mingi ku sekreteria ya diresheni, mu kompani moja ya hapa Lubumbashi. Barua zote za kwenda kwa Direkta zilikuwa zinapita mu mikono yangu: napokea, napiga kashe, naandika namba mu rejista, natia mu parafere, naingiza. Barua za konje nimesoma mpaka zikanichosha, na nilikuwa naona zile zinatoka na saini na zile zinalala mu tirwari mpaka mwenyewe anasahau. Sasa kila mwaka, mwezi wa sita ukifika tu, batu wananipigia simu: shefu amekatala konje yangu, nifanye je, niende juu?

Enda, lakini kwanza ujue kile kinafanyika huko juu, ju bengi hawakijue. We unaandika barua ya kurasa mbili, unasema shefu ananionea, shefu anapatia bandugu yake konje na mi ananikatalia, unafikiri Direkta ataisoma na kukasirika pamoja na we. Hapana. Direkta anasoma mistari mitano, anachukua biki, anaandika ku pembeni kwa shefu wako atoe avis, na mi narudisha ile barua kwa shefu yule yule. Sasa ye njo anaisoma neno kwa neno. Kama mu barua kuko matusi, hata ya adabu, atajibu kwa kujitetea, na Direkta hawezi kuangusha shefu wake mbele ya batumishi juu ya siku 13 za konje. Njo maana barua nzuri ni ile shefu anaweza kuisoma na Direkta amekaa pembeni yake, bila haya kumupata.

Nitafata kesi moja ya kweli, ya magazinye mumoja, juu ile barua yake njo ya adabu kuliko zote nilipokea na ilitoka na saini mu siku 8.

Kwanza, angalia ile "hapana" ni ya namna gani

Shefu akikwambia mu kuluwari "konje yako haiwezekane", hiyo bado haiko kitu, hauwezi kwenda nayo kwa Direkta. Rudi ku buro yake na fomu yako, sema pole pole: "Shefu, nimesikia, naomba tu uniandikie avis yako ku fomu ju personeli wanaidai." Usiseme ni juu ya kwenda juu. Sababu ya personeli ni ya kweli na haimuchokoze.

Akiandika, soma vizuri ameandika nini. Amekatala konje yenyewe, ao amekatala tarehe? Mara mingi ni tarehe. Na hapo njo batu wanakosea, wanaandika "nimenyimwa haki yangu", na Direkta akiuliza shefu, shefu anasema sikumunyima, nilimwambia angoje, na barua yote inaanguka hapo. Haki ya konje ni yako, lakini tarehe inatafutwa pamoja na mahitaji ya kazi. Ukiomba konje na kumbe ubishi ni wa tarehe, umeandika barua ya kesi ingine.

Magazinye wetu, jina lake lilikuwa mu plani ya konje iliyotiwa saini mwezi wa kwanza: kuanza siku ya kwanza tarehe 22/7/2024. Tarehe 24/6 shefu akaandika ku fomu: avis ya kukatala, sababu inventeri. Basi. Hakuandika tarehe ingine. Kumbuka ile kitu, tutairudilia.

Pili, hesabu siku zako na utafute artikle moja ao mbili, siyo kumi

Kwa batu wa kompani na wa ONG, sheria ni Kodi ya Travai, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16/10/2002, walibadilisha sehemu zake mu mwaka 2016. (Kama we ni mutumishi wa Serikali, hiyo haikuhusu, mwenye statu ana sheria yake, usichanganye, nimeona mwalimu mumoja akirudishiwa barua juu ya hiyo tu.) Artikle ya 141 inasema angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi umetumika, kwa mutu amepita myaka 18, na siku moja inaongezeka kila ukimaliza myaka mitano kwa muajiri yule yule. Hicho ni kiasi cha chini. Kontra yako, konvansyo kolektivu ao reglema ya kompani inaweza kukupa zaidi, haiwezi kukupa kidogo kuliko pale.

Magazinye aliingia kazi tarehe 4/3/2017. Tarehe 4/3/2024 alitimiza myaka saba: siku 12 za mwaka, na 1 ya myaka mitano, jumla 13. Ile ya 14 ataipata akifika kumi. Siku za kazi maana yake unaruka siku ya mungu na siku za feri, lakini siku ya posho inahesabiwa kama kwenu wanatumika. Ukianza tarehe 22/7, ile juma ya kwanza ni siku 6, tarehe 29 mpaka 31 ni 3, tarehe 1/8 ni sikukuu ya bazazi kwa hiyo unairuka, 2 na 3 ni mbili, 5 na 6 ni mbili. Umefika 13, unarudi tarehe 7/8. Ye mwenyewe alikuwa ameandika kurudi tarehe 6 ku fomu ya kwanza, alisahau feri. Kakosa kadogo, lakini personeli wakikuta hesabu mbaya wanarudisha fomu na unapoteza juma nzima. Pita kwanza kwao, uliza solde yako ya siku, waiandike ku karatasi.

Kisha enda ku reglema ya kompani. Hiyo njo silaha yako kubwa kuliko Kodi, juu Direkta mwenyewe ao yule wa mbele yake aliitia saini, na Inspekta wa Travai aliipigia vizee. Ukimutajia Kodi, anasikia harufu ya tribinali. Ukimutajia reglema yake, anasikia nyumba yake. Inapaswa kubandikwa mahali batu wanaiona. Kama haiko ku ukuta, omba kopi kwa delege wa sindika kabla ya kuomba kwa personeli, utaipata mbio zaidi.

Usisome reglema yote. Tafuta tu mahali pa konje mambo matatu: nani anaamua tarehe, shefu akirudisha tarehe nyuma anapashwa kufanya nini, na kama kuko muda wa kulalamika. Mu ile reglema ya kwetu artikle ya 24 ilisema hivi: shefu anaweza kurudisha konje nyuma juu ya kazi, lakini atoe sababu ku maandishi na tarehe mupya isiyopita miezi mitatu. Unaona sasa? Shefu alitoa sababu, tarehe mupya hakutoa. Magazinye hakuwa na lazima ya kusema shefu amekosa. Alikuwa na kazi ya kuomba kile kitu kilibakia. (Kwenu namba ya artikle itakuwa ingine na maneno mengine, usikopie 24 ya kwetu.)

Tahazari moja hapa. Sababu ya huyu ndugu kutaka ile tarehe ilikuwa doti ya dada yake kule Kolwezi, siku ya posho tarehe 27/7. Barafiki wakamushauri aandike konje ya mambo ya familia, ile ya artikle ya 146. Bahati nzuri alinionesha kwanza. Ile artikle inapatia siku mbili kwa ndoa ya mutumishi mwenyewe, siku moja kwa ndoa ya mutoto wake, na kuko pia za kuzaa na za kufiwa. Ndoa ya dada haiko ndani. Ukitaja artikle isiyokusimamia, mwenye kusoma anafikiri na zile zingine hauzijue, hata kama ziko za kweli.

Tatu, ambia shefu kama utaandika

Najua hii inawakaza bengi roho. Lakini barua ikifika juu bila shefu kujua, ye anaihesabu kama vita, hata kama imeandikwa na maji ya maua. Mu buro zetu kuko njia: barua inaandikiwa Direkta, na chini ya jina lake unaandika "kwa kupitia kwa Shefu wa Sevisi". Wafransa wanaandika S/C. Maana yake shefu anaipitisha yeye mwenyewe na kutia parafe. Magazinye alienda akasema: "Shefu, mi nimeelewa mambo ya inventeri. Lakini niko na shida ya familia na sina tarehe ingine, naomba ruhusa nimuandikie Mzee kupitia kwako, utaisoma mbele." Shefu alinuna, lakini alipitisha.

Kama anakatala kupitisha, ao anaweka barua mu mufuko siku tatu nne, hapo peleka kopi ku sekreteria moja kwa moja na uandike ndani "ya kwanza ilipewa Shefu wa Sevisi tarehe fulani". Bila kueleza zaidi. Sekretere atafahamu, Direkta pia.

Nne, barua yenyewe

Ukurasa moja. Mi sikuwahi kuona Direkta akigeuza ukurasa wa pili wa barua ya konje. Mu buro utaiandika mu Kifransa kama kawaida, lakini nitaiweka hapa mu Kiswahili ili uone mifupa yake, kisha utafasiria.

> Lubumbashi, tarehe 27/6/2024
>
> Kwa Bwana Direkta Jenerali
> Kwa kupitia kwa Bwana Shefu wa Sevisi ya Depo
>
> Jambo: Ombi la kupangiwa tarehe ya konje ya mwaka 2024
>
> Bwana Direkta,
>
> Kwa heshima, naomba msaada wako kuhusu konje yangu ya mwaka, ambayo plani ya konje iliyotiwa saini mwezi wa kwanza iliiweka kuanzia tarehe 22/7/2024, kwa siku 13 za kazi.
>
> Tarehe 24/6/2024 Bwana Shefu wa Sevisi alinijulisha kwamba tarehe hiyo inagongana na inventeri. Naelewa sababu hiyo. Kwa kuwa artikle ya 24 ya reglema ya kompani inasema konje ikirudishwa nyuma kunapangwa tarehe mupya, na kwa kuwa tarehe hiyo bado haijapangwa, naomba kupendekeza njia mbili:
>
> 1. Nibaki na tarehe 22/7, na mwenzangu wa depo, aliyefanya inventeri ya mwezi wa kumi na mbili, anisimamie. Amekubali na ametia saini hapa chini.
> 2. Ao nipewe siku 2, tarehe 26 na 27/7, juu ya sherehe ya familia Kolwezi, na siku 11 zinazobaki kuanzia tarehe 12/8, inventeri ikiwa imekwisha.
>
> Nitapokea ile itaonekana kufaa kwa kazi, na nabaki tayari kuacha depo na karatasi zake zote katika mpangilio.
>
> Pamoja na heshima zangu zote,
>
> (jina, matrikule, saini)
>
> Pamoja na hii: fomu yenye avis ya tarehe 24/6, kopi ya plani ya konje, solde ya siku kutoka personeli.

Angalia mambo kidogo. Ile "Jambo" haisemi malalamiko, inasema ombi la kupangiwa tarehe. Mi nilipokuwa nafungua barua, nikikuta "malalamiko" ku jambo, nilikuwa naiweka chini ya parafere, siyo kwa ubaya, lakini asubuhi hakuna mutu anataka kuanza na malalamiko. "Naelewa sababu hiyo" njo mistari inaokoa shefu: haikubali kama sababu ni ya haki, inasema tu umeisikia. Artikle imetajwa mara moja, ikiwa imeunganishwa na "kwa kuwa", haikuandikwa "shefu amevunja artikle ya 24". Kodi ya Travai haikutajwa hata kidogo! Aliiweka kichwani tu, juu ya hesabu. Na zile njia mbili zinafanya Direkta achague, asihukumu. Kuchagua ni duara moja ya biki ku namba 1 ao 2. Kuhukumu ni kuita shefu, kuita we, kuita personeli, na hana nafasi.

Ile ya pili alihesabu vizuri pia, kuanzia tarehe 12/8 siku 6, kisha 19 mpaka 23 siku 5, kurudi kazi siku ya posho tarehe 24. Kama reglema yenu haikubali kukata konje, ao inadai sehemu moja isipungue siku fulani, usipendekeze kukata, pendekeza tarehe nzima ingine.

Maneno ya kuondoa mbele ya kuprenti: "nashangaa", "bila sababu", "kama kawaida yake", "bengine wanapewa", "nitajikuta nalazimishwa". Ile ya mwisho batu wanaipenda sana, wanaona ni adabu. Ni kitisho kimevaa kravati.

Kupeleka

Fanya kopi mbili. Moja inabaki kule, ingine wanakupigia akize: kashe, tarehe, namba ya rejista, saini ya aliyepokea. Usiachie planto ku mulango, hata kama ni shemeji. Nilikuwa na batu wanalia "niliileta juma mbili" na mu rejista hakuna kitu, na mi siwezi kuandika tarehe ya nyuma. Leta asubuhi, kabla ya parafere kuingia. Kwetu ilikuwa inaingia saa ine na inatoka jioni, ukileta saa tano umepoteza siku.

Kisha ngoja. Juma moja ya kazi ni ya kawaida kwa sababu barua inaenda, inarudi kwa shefu, inapanda tena. Ukiona shefu amebadilika kidogo, anakuita, anauliza "ile siku mbili ya Kolwezi ni tarehe ngapi kweli?", hiyo ni alama nzuri, maana yake imefika kwake juu ya avis. Jibu kwa upole na usimukumbushe zile za zamani. Juma ikipita, pita ku sekreteria uulize namba fulani imefika wapi. Taja namba, usiseme "barua yangu".

Direkta akikuita, usirudilie historia. Ana barua mbele yake. Magazinye aliulizwa swali moja tu: depo itabaki na nani? Alijibu jina, na kama ule mwenzake anajua fishi za stoki. Tarehe 5/7 barua ikatoka na duara ku namba 2, na maneno "kwa makubaliano na Shefu wa Sevisi". Shefu akaja kumwambia ye mwenyewe habari, kama vile ni ye alimupatia. Magazinye akasema aksanti shefu. Hapo alionesha akili kuliko mu barua.

Kama jibu ni hapana tena, ao hakuna jibu

Jambo la kwanza: usiende. Konje bila karatasi yenye saini ni kukosa kazi, na unakuwa umempa shefu kesi safi dhidi yako, hata kama mwanzoni haki ilikuwa upande wako. Nimeona mumoja alienda Likasi na "Direkta aliniambia kwa mdomo", akarudi akakuta barua ya kuomba maelezo.

Kisha pita kwa delege wa sindika na ile fail yako yote, yenye akize. Delege anaweza kusema mbele ya diresheni maneno ambayo we hauwezi kuandika. Hiyo ikishindikana, kuko Inspeksyo ya Travai, na haiko tribinali: Inspekta anaita pande zote mbili kutafuta mapatano, na kesi ya mutumishi mumoja haiwezi kufika mbele ya Tribinali ya Travai bila kupita hapo. Lakini sema kweli, kwa ubishi wa tarehe ya konje mi sijaona faida ya kufika kule. Kwa konje ambayo wamekunyima mwaka nzima, ao myaka miwili zimekusanyika na hakuna mutu anataka kuzisema, hapo ndiyo, na hapo sasa Kodi na artikle yake ya 141 unaitaja mbele kabisa.

Wakikupatia, kabla ya kupanda basi acha karatasi ya remiz: funguo ngapi, za mulango gani, fishi za stoki zimefika tarehe gani, na mwenzako atie saini chini. Juu ukirudi na mufuko ya mahindi imepungua, wataanza kwanza na ule alikuwa ku konje.